Duka limejaa khanga, mkopeshaji anauliza fedha iko wapi

Assalamu alaykum ndugu zangu. Chukueni karatasi na kalamu, maana leo tunapiga hesabu ya duka la khanga na vitambaa pale Darajani. Mwenye duka anataka mkopo wa shilingi milioni 10. Mfano ni wa kutunga, lakini nimekaa miaka kwenye meza ya mikopo na maduka ya namna hii nimeyaona mengi.

Kwanza andika tarehe juu ya karatasi. Tuseme ni mwisho wa Shaaban, mzigo wa Idd umeshashuka kwenye boti.

Upande wa kushoto andika mali ambayo ni fedha, au itageuka fedha ndani ya miezi 12. Fedha taslimu na za benki ni milioni 3. Wateja waliochukua kwa mkopo wanadaiwa milioni 5. Bidhaa dukani ni milioni 22. Jumla milioni 30. Cherehani, makabati na fremu usiviandike, kwa sababu hauzi hivyo kulipa madeni.

Hapo kwenye bidhaa ndipo watu wanapojipunja. Doti uliyoinunua 9,000 unaiandika 9,000, hata kama unaiuza 12,000. Faida haijaingia mpaka mteja atoe fedha. Na zile korja za mitindo ya mwaka juzi zisizoulizwa na mtu, ziandike kwa bei utakayozipata kweli ukiziuza leo.

Upande wa kulia andika madeni ya kulipwa ndani ya miezi 12. Wauzaji wa jumla wa Kariakoo, waliompa mali kauli, wanadai milioni 11. Mkopo wa zamani una marejesho ya milioni 4 mwaka huu. Yanayoangukia miaka ya mbele hayaingii hapa. Jumla milioni 15.

Sasa gawa 30 kwa 15. Unapata 2. Huo ndio uwiano wa sasa: kila shilingi 1 ya deni la karibu ina shilingi 2 za mali nyuma yake. Mwenye duka akiona hivyo anatulia.

Mkopeshaji hatulii. Anatoa bidhaa zote, anabaki na fedha na wadaiwa, yaani milioni 8, anagawa kwa 15. Jibu ni 0.53. Huu ni uwiano wa haraka. Maana yake, bila kuuza hata doti moja, duka linaweza kulipa shilingi 53 tu katika kila 100 linazodaiwa. Zilizobaki zinangoja wanunuzi.

Halafu anauliza: hao wadaiwa ni nani? Kumbe milioni 3 ni hoteli moja iliyochukua mapazia, na mwezi wa nne huu haijalipa. Anaziondoa pia. Anabaki na 5 juu ya 15, kama 0.33. Kwa hiyo ukienda kuomba mkopo, chukua orodha ya wadaiwa wako yenye tarehe ya kila deni. Bila tarehe, mkopeshaji mwangalifu atakata mwenyewe, na atakata zaidi ya inavyostahiki.

Je, 0.33 ina maana duka linakufa? Hapana. Tupige tena wiki moja baada ya Idd. Ameuza mali ya milioni 12 kwa milioni 16 taslimu, amewalipa Kariakoo milioni 9, na milioni 1 imekwenda kwenye gharama. Fedha sasa ni milioni 9, wadaiwa 5, bidhaa 10, jumla 24. Madeni yamebaki 6. Uwiano wa sasa ni 4, wa haraka ni 2.3. Duka ni lile lile, limepita mwezi mmoja na siku chache tu. Ndiyo maana mimi siamini karatasi ya tarehe moja kwa biashara inayotegemea msimu. Peleka mbili, ya kabla na ya baada, pamoja na taarifa ya benki ya miezi hiyo.

Hatua ya mwisho wengi hawaifanyi, na mkopeshaji huifanya kila mara: uingize mkopo wenyewe kwenye ile karatasi ya baada ya Idd. Akipewa hizo milioni 10 za kurejeshwa ndani ya mwaka, na zote akanunulia khanga, mali inakuwa 34 na madeni 16. Uwiano wa sasa unashuka mpaka 2.1, wa haraka mpaka 0.9. Toa ile milioni 3 ya hoteli, unakuwa 0.7. Hapo mimi ningempa milioni 5 kwanza, marejesho makubwa yaangukie baada ya Idd, na ningemwambia aifuate ile hoteli kabla hajaagiza mzigo mwingine.