Namba za ubavuni mwa tairi: kutoka 265/75R16 hadi milimita

Mhadhara uliotolewa Arusha mbele ya madereva na mafundi wa magari ya watalii

Ndugu madereva, ndugu mafundi, na ninyi vijana mnaojifunza kazi gereji, nawasalimu. Nimeombwa nizungumzie namba zinazoandikwa ubavuni mwa tairi, na nimeamua kubaki kwenye jambo moja: namna ya kupata kutoka katika namba hizo kipenyo kizima cha tairi na upana wake kwa milimita, bila kulipima tairi lenyewe. Maandishi mengine ya ubavuni, kama vile uwezo wa kubeba mzigo, kasi inayoruhusiwa na juma la kutengenezwa, nitayaacha kwa siku nyingine, ingawa najua kuna watu humu ambao wangependa tuanze na hilo la juma la kutengenezwa.

Hapa mbele nimeweka matairi mawili. Hili la kulia limeandikwa 265/75R16, na hili la kushoto limeandikwa 265/70R16. Muuzaji akiwa na haraka, na mteja akiwa na haraka zaidi kwa sababu wageni wamekwisha kukaa garini, haya huhesabiwa kuwa ni tairi moja, kwa kuwa namba ya mwanzo ni ileile na ya mwisho ni ileile. Hiyo tofauti ya katikati, sabini na sabini na tano, huonekana kuwa kitu kidogo. Tuipigie hesabu.

Namba ya kwanza, 265, ni upana wa tairi kwa milimita, na hiyo haihitaji kubadilishwa. Namba ya mwisho, 16, ni kipenyo cha rimu kwa inchi, pale tairi linapokaa juu ya rimu. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo rimu hii ina kipenyo cha milimita 406.4. Herufi R katikati inatuambia kwamba nyuzi za ndani zimelazwa kukata moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, yaani ni lile tairi ambalo mitaani tunaliita la waya, tofauti na la nailoni la zamani. Kwa hesabu yetu herufi hiyo haibadilishi kitu.

Sasa namba ya katikati. Hii ndiyo inayowapoteza wengi, kwa kuwa namba mbili za pembeni ni vipimo, nayo si kipimo, ni asilimia. Inasema kimo cha ubavu wa tairi, kuanzia ukingo wa rimu hadi sehemu inayokanyaga barabara, ni asilimia ngapi ya upana. Kwa tairi la 265/75R16, ubavu ni asilimia 75 ya milimita 265, yaani milimita 198.75. Kwa kuwa ukipima tairi zima kutoka chini hadi juu unapita ubavu mara mbili, mmoja chini ya rimu na mwingine juu yake, unazidisha kwa mbili na kupata 397.5, kisha unaongeza rimu. Hesabu nzima inakaa hivi:

```
265/75R16:  2 × 265 × 0.75 + 16 × 25.4 = 803.9 mm
265/70R16:  2 × 265 × 0.70 + 16 × 25.4 = 777.4 mm
```

Tofauti ni milimita 26.5. Gari linapanda au kushuka nusu ya hiyo tu, zaidi kidogo ya sentimita moja, na ndiyo maana ukilitazama kwa macho huoni kitu. Lakini tairi halifanyi kazi kwa kusimama. Zidisha kila kipenyo kwa 3.1416 upate mzingo: tairi kubwa linatembea milimita 2,526 kwa kila mzunguko, na dogo 2,442. Katika kilomita moja kubwa linazunguka takribani mara 396, na dogo mara 409 na nusu. Tairi lililobeba gari hubonyea chini, hivyo barabarani mizunguko huwa mingi kidogo kuliko hesabu hii, lakini yote mawili hubonyea karibu sawa na tofauti kati yao hubaki.

Kwa kuwa asilimia inategemea upana, msifikiri kwamba 75 kwenye tairi moja ni kimo sawa na 75 kwenye jingine. Ubavu wa 235/85R16 ni milimita 199.75, karibu sawa kabisa na ubavu wa 265/75R16, japokuwa asilimia zimepishana kwa kumi. Kipenyo chake ni milimita 805.9. Haya mawili, ambayo namba zake mbili kati ya tatu hazifanani, yana urefu unaokaribiana mno, ilhali yale mawili yaliyofanana namba mbili yametofautiana kwa zaidi ya sentimita mbili na nusu.

Niwape kisa nilichokishughulikia mwenyewe. Gari la safari lenye foo-wili ya kuingiza kwa mkono, aina ambayo gia ya kugawa nguvu ikishaingia hufunga shafti ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja, lilikuwa na matairi manne ya 265/75R16 yaliyokwisha kutumika. Mawili ya nyuma yalichanwa na mawe upande wa Serengeti, na mapya yaliyonunuliwa njiani kwa haraka yalikuwa ya 265/70R16. Dereva aliingiza foo-wili kwenye tope huko juu Ngorongoro, na alipotoka getini na kuanza kuteremka kwenye lami kuelekea Karatu alisahau kuitoa. Alipokumbuka, mkono wa gia ulikataa kutoka. Usukani ulikuwa mzito, na kila alipokata kona alisikia matairi yakilia kama yanayoburutwa. Mafundi wa kwanza waliolitazama walitaka kufungua giaboksi.

Mimi niliomba kamba. Nililiinua gari kwa jeki, nikazungusha kamba katikati ya uso wa kila tairi, nikainyoosha sakafuni na kuipima. Matairi ya mbele yalitoa milimita 2,488 na ya nyuma 2,442. Tazameni kwamba ya mbele hayakutoa 2,526 kama hesabu ya tairi jipya. Kashata zake, yaani vile vinundu vinavyoshika barabara, zilikuwa zimelika milimita 6, na kwa kuwa kipenyo hupungua juu na chini, milimita 6 za kulika zinaondoa 12 kwenye kipenyo. 803.9 ukitoa 12 unabaki na 791.9, na mzingo wake ni 2,488.

Mbele, kila kilomita ilihitaji mizunguko 402. Nyuma ilihitaji 409 na nusu. Gia ilikuwa imefunga pande zote mbili zizunguke sawa, kwa hiyo katika kila kilomita kulikuwa na zaidi ya mizunguko saba isiyokuwa na pa kwenda. Kwenye tope au changarawe tairi huteleza kidogo na deni hilo hulipwa bila mtu kujua. Kwenye lami kavu haliteleziki kirahisi, shafti hujisokota, na msokoto huo ndio ulioshika mkono wa gia. Kwa bahati, tatizo la namna hii hujionyesha lenyewe: gari likirudishwa nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, au gurudumu moja likiinuliwa kwa jeki, msokoto hufunguka na gia hutoka. Gia iliyovunjika haifanyi hivyo. Gari hilo lilitoka kwa kurudi nyuma, na giaboksi haikufunguliwa.

Kisa hiki kinaonyesha pia mpaka wa hesabu yenyewe. Namba za ubavuni zinakupa ukubwa uliokusudiwa wa tairi jipya, lisilobeba mzigo, lenye upepo wa kutosha. Watengenezaji wawili wa tairi lenye namba zilezile hupishana milimita kadhaa. Kwa hiyo hesabu ni ya kuchagulia tairi dukani. Ukitaka kujua matairi manne yaliyoko garini yamelinganaje, tumia kamba.

Upana nao una lake. 265 hupimwa kutoka ubavu hadi ubavu, si upana wa sehemu inayokanyaga chini, ambayo ni nyembamba zaidi, na tairi huwa limefungwa kwenye rimu ya upana maalumu wa kupimia. Kwa 265/75R16 rimu hiyo ni ya inchi 7.5. Ukiongeza au kupunguza upana wa rimu kwa nusu inchi, tairi nalo hupanuka au kubanwa kwa takribani milimita 5. Kuna kikomo: rimu nyembamba ya inchi 5.5, ile ya chuma iliyokuja na magari ya kazi, haifai kubeba 265 hata kama kipenyo chake ni inchi 16 na tairi likakubali kuingia.

Rimu hiyo ya chuma inatuleta kwenye namba ambayo wazee humu ndani wameizoea kuliko zote: 7.50R16. Hapa 7.50 ni upana kwa inchi, na asilimia haikuandikwa. Mtu akidhani ubavu ni sawa na upana atapiga 2 × 190.5, ataongeza 406.4, na kupata 787.4. Jibu hilo si sahihi. Tairi la 7.50R16 lina kipenyo cha kati ya milimita 800 na 810, na upana wake halisi unapita 200, kwa sababu 7.50 ni jina la saizi zaidi kuliko kipimo. Ndiyo maana aliyekosa 7.50R16 hutafuta 235/85R16, yenye 805.9, na si tairi lenye namba ya upana ya 190. Namba hizi za zamani msizipigie hesabu. Someni kitabu cha mtengenezaji au mpime.

Tairi la daladala za Hiace, 195R15C, nalo halina asilimia, lakini hilo lina desturi yake: pasipoandikwa kitu, chukua takribani 80. Utapata milimita 693.

Mwisho kuna mtindo wa 31×10.50R15, ambao mpangilio wake umegeuzwa. Namba ya kwanza hapa ndiyo kipenyo kizima, kwa inchi, na ya pili ni upana, pia kwa inchi. Zidisha zote kwa 25.4: milimita 787.4 kwa kimo na 266.7 kwa upana. Katika mtindo huu tairi halisi mara nyingi huwa fupi kidogo kuliko jina lake, basi anayelilinganisha na 265/75R16 kwa ajili ya spea aende dukani na kamba mfukoni, alizungushie kabla hajalipa.

Sasa kila mmoja achukue chaki. Kuna magari matatu pale nje. Tuanze na lile la mwisho, ambalo nadhani matairi yake ya nyuma hayakutoka duka moja na ya mbele.