Kilo sita zinazoinua kilo elfu mbili

Mhadhara kwa mafundi wa garaji na wanafunzi wa makanika, Goma

Karibuni. Walio nyuma sogeeni mbele, maana leo tutashika vitu kwa mkono. Papa fundi, tafadhali pokea kipande hiki, ukishakitazama umpe kijana aliye karibu nawe.

Hii iliyo juu ya meza ni kriki ya chupa ya tani 5. Wengine huiita jeki, lakini sisi hapa Goma tumezoea kriki, na mimi nitasema kriki. Nimeifungua jana jioni, nikafuta mafuta, nikapanga vipande juu ya kitambaa. Viko vingi, ila viwili ndivyo vinavyofanya kazi yote. Hiki chembamba kama kidole cha mwisho ni pistoni ya pampu. Hiki kinene ni pistoni ya kuinua, ndiyo inayotoka juu na kugusa gari. Nimevipima kwa kalipa: chembamba kina upana wa milimita 10, kinene milimita 40.

Sasa niambieni. Nikisukuma mafuta kwa hiki chembamba, kinene kitainua kwa nguvu mara ngapi zaidi?

Ndiyo, kaka, nimekusikia: mara nne. Hilo ndilo jibu la karibu kila mtu, na mimi mwenyewe nililishika miaka mingi. Lakini siyo nne, ni kumi na sita. Nataka tukae hapa kidogo, kwa sababu asiyepaelewa hapa ataibeba kriki maisha yake yote bila kujua inafanya nini.

Fikiria unatandika sementi chini ya chumba cha mita 1 kwa mita 1. Baadaye mwenye nyumba anakupa chumba cha mita 4 kwa mita 4. Hutanunua mifuko mara nne. Utanunua mara kumi na sita, kwa sababu chumba kimeongezeka upande huu mara nne na upande ule mara nne. Pistoni ni hivyohivyo. Mafuta hayasukumi upana wake, yanasukuma uso wake wote.

Tupige hesabu ya nyuso hizo. Nusu ya upana wa pistoni ndogo ni sentimita 0.5. Mara 0.5, mara 3.14, tunapata sentimita za mraba 0.785. Nusu ya ile kubwa ni sentimita 2. Mara 2, mara 3.14, tunapata 12.56. Gawanya 12.56 kwa 0.785, inatoka 16 kamili.

Na kwa nini mafuta yakubali kufanya hivyo? Kwa sababu yamefungiwa. Mafuta yaliyofungiwa, ukiyabana mahali pamoja, yanabana kila mahali kwa kiasi kilekile: chini, juu, pembeni, kwenye vali, kwenye mpira. Kila sentimita ya mraba inapata msukumo uleule. Mfaransa Blaise Pascal aliieleza kanuni hiyo katika karne ya 17. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah akapata hati ya uvumbuzi wa mashine ya kukandamiza kwa njia hiyo. Kriki hii ni mjukuu wa mashine ile.

Tuende barabarani. Lori limetoka Rutshuru na maharagwe, tairi la nyuma limepasuka. Tuseme upande ule unaweka uzito wa kilo 2,000 juu ya kriki. Uzito huo umekaa juu ya sentimita za mraba 12.56, kwa hiyo kila sentimita ya mraba ya mafuta inabeba kilo 159 hivi. Msukumo uleule unarudi kwenye pistoni ndogo, yenye uso wa 0.785 tu. 159 mara 0.785 ni kilo 125.

Kilo 125 bado ni nyingi kwa mkono wa mtu. Hapo ndipo mpini unaingia. Mpini wa kriki hii ni sentimita 50 kutoka kwenye pini unapozungukia hadi mkononi. Kutoka pini hiyo hadi pale inaposhikwa pistoni ndogo ni sentimita 2.5. Hamsini kwa mbili na nusu ni ishirini. Kilo 125 zikigawanywa kwa 20, mkono wako unabaki na kilo 6 na robo. Ni uzito wa mfuko mdogo wa unga, na lori linapanda.

Nimeona mama mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Una haki, mama. Nguvu haitoki hewani, na kama tumepata mara 320, lazima kuna kitu tumelipa. Tumelipa mwendo.

Pistoni ndogo ikishuka inashuka sentimita 2 tu. Inasukuma mafuta kiasi cha 0.785 mara 2, yaani sentimita za ujazo 1.57. Mafuta hayo yanaingia chini ya pistoni kubwa na kutandaa juu ya uso wa 12.56. Yanaiinua kiasi gani? 1.57 kwa 12.56 ni sentimita 0.125. Milimita moja na robo! Ndiyo maana unapopampu huoni gari likipanda. Unaona baada ya muda tu kwamba tairi halikandamizi tena.

Ukitaka kupandisha sentimita 10, utapampu mara 80. Kila mara mkono wako unashuka sentimita 40, kwa sababu mpini unazidisha mwendo mara ishirini vilevile. 80 mara sentimita 40 ni mita 32. Mkono umetembea mita 32 ukiwa na kilo 6 na robo: zidisha, ni 200. Lori limepanda mita 0.1 likiwa na kilo 2,000: zidisha, ni 200. Hesabu imefunga. Katika kriki ya kweli mkono utasukuma zaidi kidogo, kilo 7 au 8, maana mpira unasugua silinda na pini nazo zinasuguana. Msuguano haukurudishii kitu.

Sasa tuone kile kinachoruhusu mipigo 80 ijumlike, kwani bila hicho kila mpigo ungerudi ulikotoka. Ni gololi mbili za chuma, hizi hapa, usizidondoshe mchangani. Unapoinua mpini, gololi ya kwanza inafunguka na pampu inavuta mafuta kutoka kwenye tangi linaloizunguka silinda. Unaposhusha, ya kwanza inafunga, ya pili inafunguka, na mafuta yanaenda chini ya pistoni kubwa. Ukiinua tena, ya pili inafunga na kuuzuia mzigo usirudi. Uzito wote wa lori, wakati unapumzisha mkono, umelala juu ya gololi hiyo, juu ya skurubu ya kushushia na juu ya mpira wa pistoni.

Kwa hiyo kriki ikiharibika, tazama mpini kwanza. Ukishusha mpini na husikii uzito, na lori halipandi, basi mafuta yanarudi tangini kwa gololi ya kwanza, au yameisha, au kuna hewa. Hewa utaijua kwa sababu mpini unakuwa laini kama unabana sponji, kisha unagoma. Mpini ukipanda wenyewe huku mzigo ukishuka kidogo, ni gololi ya pili. Mafuta yanaisukuma pistoni ndogo juu. Na mkitazama vizuri, mzigo utashuka milimita moja na robo, kisha unasimama, kwa kuwa pistoni ndogo imefika mwisho wake. Ni mpigo mmoja uliorudi. Lakini mpini ukitulia na gari likashuka polepole, acha gololi, tafuta kwenye skurubu ya kushushia au mpira wa pistoni kubwa. Mafuta yakionekana juu, pale pistoni inapotokea, jibu unalo.

Mpira huo unanigusa. Nikiwa mwanafunzi, garaji moja nilikojifunzia haikuwa na mafuta ya kriki, nikaambiwa nijaze mafuta ya breki, kwani yote ni mafuta. Siyo. Mafuta ya breki ni ya jamii nyingine na mpira wa kriki haupatani nayo: unavimba, unalegea, unamegeka. Kriki ilifanya kazi vizuri siku chache. Siku gari lilipoanza kushuka, mwenzangu alikuwa amelala chini yake, na aliokoka kwa sababu tu tulikuwa tumeweka gogo pembeni. Tangu siku hiyo sijaruhusu mtu aingie chini ya gari linaloshikwa na kriki peke yake. Gogo au kigingi cha chuma kwanza, halafu mwili.

Jazeni mafuta ya haidroliki, kriki ikiwa imeshuka kabisa na imesimama wima. Ukijaza ikiwa imepanda, utakaposhusha yale ya chini ya pistoni yatakosa pa kwenda. Na yakipungua utaona pistoni inapanda nusu kisha inakataa. Kumbukeni hesabu yetu: kupanda sentimita 10 kunahitaji mafuta ya sentimita za ujazo 126 hivi, karibu glasi ndogo, na yasipokuwepo hakuna mkono utakaoyaleta.

Neno moja la ardhi yetu. Barabara nyingi hapa zimetandikwa mawe ya lava, yale yaliyoshuka Nyiragongo mwaka 2002 na 2021, yaliyopondwapondwa. Kitako cha kriki hii ni kama sentimita 10 kwa 11. Chini ya kilo 2,000, kila sentimita ya mraba inabonyeza chini kwa kilo 18, na changarawe inakimbia upande mmoja. Weka ubao mnene wa sentimita 25 kwa 25 na inashuka hadi kilo 3 hivi. Ni kanuni ileile ya uso, sasa tunaitumia kinyume.

Kaka wa Ndosho ameleta kriki yake inayomsumbua, tuipime. Tumeiweka chini ya gari hili, gogo liko pembeni. Pampu. Imebeba. Sasa acha mpini. Mnaona? Umeinuka wenyewe, na gari limeshuka kidogo tu. Gololi ya pili. Tunaishusha, tunaifungua... hapa, chembe ya mchanga imekaa kwenye kiti cha gololi, na imeacha alama. Tunaosha kwa mafuta taa, tunafuta, tunarudisha gololi na kuigonga mara moja kwa fimbo ya shaba ili ikae sawa kwenye kiti chake. Si nyundo ya chuma. Tunajaza, tunafungua skurubu, tunapampu haraka mara kumi hewa itoke, tunafunga.

Inua tena. Chora mstari wa chaki juu ya pistoni, pale inapotokea. Nitazungumza na hawa wa mbele kuhusu mpira, kisha tutarudi kuuona.

Imepita robo saa. Njoo usome, kaka: mstari uko palepale.