Skizofrenia, mania au deliriamu? Namna ya kusoma kisa kifupi cha mgonjwa

Karibuni. Video hii ni ya wanafunzi wa utabibu na uuguzi wanaopewa kisa cha mistari mitano kisha wanaulizwa: mgonjwa huyu ana nini? Wengi hukimbilia sauti anazosikia au vitu anavyoviona. Hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu sauti na imani potofu zinaweza kuwepo katika magonjwa yote matatu.

Hatua ya kwanza, tafuta hali ya fahamu. Soma kisa kilicho kwenye skrini.

Fundi magari wa miaka 46 amelazwa baada ya kuvunjika paja. Usiku wa tatu wodini anapiga kelele kwamba wadudu wanatambaa ukutani. Anavutavuta shuka, anamwita muuguzi kwa jina la mke wake na anasema yuko gereji. Asubuhi alikuwa ametulia, anaongea vizuri. Sasa anatetemeka, jasho linamtoka, mapigo ya moyo ni 128 kwa dakika. Hajawahi kuugua akili.

Simamisha video, upigie mstari maneno yanayogusa fahamu. Hajui alipo. Hali imeanza ghafla, na inapanda na kushuka ndani ya siku moja. Hiyo ni deliriamu. Kitandani ungeithibitisha kwa kumwambia ataje siku za wiki kinyumenyume: Jumapili, Jumamosi, Ijumaa. Mwenye deliriamu hufika mbili tatu, kisha hupotea au husahau ulichomuuliza. Kuona wadudu nako kunaelekeza huko, maana mwenye skizofrenia mara nyingi zaidi husikia kuliko kuona.

Deliriamu ina chanzo mwilini, kwa hiyo jibu lako halijakamilika hadi ukitaje. Usiku wa tatu ni kidokezo kikubwa: mtu aliyezoea pombe nyingi akikatizwa ghafla, kuchanganyikiwa kwa namna hii hutokea zaidi kati ya saa 48 na 96 tangu alipokunywa mara ya mwisho. Waulize ndugu zake kuhusu pombe. Pima sukari papo hapo, pima malaria, angalia joto, oksijeni na kidonda. Kama ni pombe, tiba yake ni diazepamu pamoja na thiamini ya sindano. Ukimwona kama kichaa ukampa haloperidoli peke yake, chanzo kinabaki, na unaweza kumsogeza karibu na degedege.

Fahamu zikiwa sawa, nenda hatua ya pili: hisia na nguvu za mwili.

Mwanafunzi wa chuo, miaka 22. Kwa siku tisa analala saa mbili tu na haoni uchovu. Anaongea mfululizo, amegawa ada yake kwa watu asiowajua, na anasikia sauti ikimwambia ameteuliwa kuokoa taifa. Anajua alipo na leo ni siku gani.

Ile sauti ndiyo mtego. Ipime dhidi ya hisia: inamsifu, inamkweza, inakwenda sambamba na furaha iliyopitiliza. Usingizi pia usomwe kwa makini. Mwenye wasiwasi hukosa usingizi na kuamka amechoka, huyu hauhitaji. Dalili zikidumu siku 7 au zaidi, au zikiwa kali kiasi cha kulazimu kulazwa hata kabla ya hapo, ni mania, na mania inatosha kuuita ugonjwa huo bipola hata kama hajawahi kupata sonona.

Hatua ya tatu ni muda. Kijana wa miaka 24 aliacha masomo miezi minane iliyopita, haogi, anajifungia chumbani. Anasikia watu wawili wakijadiliana juu ya kila anachofanya, na anaamini redio inatangaza mawazo yake. Uso hauonyeshi hisia. Hana furaha iliyopitiliza wala huzuni nzito, na siku za wiki anazitaja kinyumenyume bila kukosea. Hiyo ni skizofrenia. Mwongozo wa DSM-5 unataka ugonjwa uwe umedumu miezi 6; ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani inataka mwezi 1. Angalia chuo chako kinafuata upi. Lakini sauti zikitokea tu wakati hisia zimepanda au zimeshuka, rudi hatua ya pili.

Kuna kisa kimoja kinachowaangusha hata waliokwisha kuelewa. Mgonjwa anayejulikana kuwa na skizofrenia kwa miaka kumi, anameza dawa, analetwa akiwa na joto la 39, na tangu jana hawatambui watoto wake. Ugonjwa wa zamani usikufumbe macho: hii ni deliriamu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Pima malaria, fikiria homa ya uti wa mgongo, kisha kunja kiwiko chake. Mkono ukiwa mgumu kama bomba la risasi, simamisha dawa ya akili na umpeleke hospitali kubwa haraka, kwa sababu dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayomuua.