Shilingi ikishuka, nakisi hutangulia kupanuka

Ndugu zangu, tuanze na hesabu ya mfano. Nchi inaagiza bidhaa za dola milioni 100 kwa mwezi, inauza nje za milioni 80. Dola ikiwa shilingi 2,400, tunalipa bilioni 240 na kupokea bilioni 192. Nakisi ni bilioni 48.

Dola ipande ghafla hadi 2,640. Dizeli iliyoagizwa mwezi uliopita bado iko baharini, na bei yake ilishafungwa kwa dola. Bili ya uagizaji inafika bilioni 264. Kama mauzo yetu yalifungiwa mikataba ya shilingi, tunapokea bilioni 192 zile zile, na nakisi inafika bilioni 72. Hapo ndipo unapoanza kushuka mchoro wa herufi J, ule unaoonyesha urari wa biashara ukishuka kwanza kisha ukipanda baada ya sarafu kushuka thamani.

Ila wauzaji wetu wengi wa nje huandika ankara kwa dola. Zile milioni 80 zinakuwa bilioni 211.2, nakisi inakuwa bilioni 52.8, lakini kwa dola imebaki milioni 20 kama jana. Kwa hiyo anayekwambia nakisi imepanuka, muulize kwanza ameipima kwa fedha gani. Swali hili husahaulika mno, na ndilo linaloamua J iwe na kina gani.

Mkono wa kupanda huchelewa kwa sababu kiasi cha bidhaa hakibadiliki haraka kama bei. Chukueni ufuta. Bei yake hupangwa kwa dola katika soko la dunia, hivyo mnunuzi wa nje haoni unafuu wowote. Anayenufaika ni mkulima, endapo mnunuzi wa ghala atampitishia shilingi za ziada. Hapa Dodoma mvua ni za msimu mmoja. Shilingi ikishuka Machi, mbegu iko ardhini tangu Desemba au Januari. Ekari za nyongeza zitalimwa msimu ujao na kuvunwa mwaka unaofuata. Katikati hapo, dizeli ya trekta na mbolea vimeshapanda bei. Vikimeza nyongeza yote ya mkulima, ekari hazitaongezeka, na J itabaki bila mkono wa kupanda.

Zikiongezeka, hesabu inageuka. Mauzo ya nje yakue kwa asilimia 12 hadi dola milioni 89.6, uagizaji upungue kwa asilimia 5 hadi milioni 95: nakisi inabaki dola milioni 5.4, kama shilingi bilioni 14.3.

Uingereza iliposhusha paundi Novemba 1967, kutoka dola 2.80 hadi 2.40, nakisi iliendelea kuwa kubwa mwaka 1968. Ziada ilionekana 1969.

Mkitaka kujua tumefika wapi kwenye mchoro, angalieni tani za ufuta zilizopita bandarini na lita za mafuta zilizoingia. Thamani kwa shilingi itapanda hata kama hakuna gunia moja lililoongezeka.