Kitambaa Kwanza, Muziki Baadaye

Nisikilizeni dada zangu, na nyinyi makaka wa Kongowea mulioko nyuma. Nishalisema hili mpaka mate yamekauka: video ya kuuza nguo mtandaoni ni nusu dakika, na sekunde nyingi ni za kitambaa, sio za kuzungukazunguka na muziki. Hebu tuchukue dera hili la bluu, la reyoni. Simama dirisha likiwa ubavuni kwako, taa ya ndani uzime, maana mwanga wa balbu ukichanganyika na wa nje hii bluu yageuka rangi nyengine kabisa. Weka karatasi nyeupe kando ya nguo, ikitoka manjano kwenye simu basi jua hata dera ladanganya. Filta toa. Na ringlaiti ikipiga kwa mbele moja kwa moja yafuta vile vivuli vidogovidogo vya nyuzi, dera laonekana satini wakati silo.

Haya, tia mkono ndani ya dera, liinue kuelekea dirishani. Vidole vyaonekana? Acha vionekane, sekunde nne nzima, usikate! Najua kuna mtu hapa ashasema moyoni "nitafukuza wateja." Sasa wewe wataka mteja gani, wa kulipa leo kesho akurudishie mzigo na matusi kwenye komenti? Sema tu "hili lataka shumizi", atakayenunua anunue akijua. Halafu lifinye kwa ngumi, hesabu mpaka tano, achia mbele ya kamera. Reyoni itabaki na makunyanzi, ingekuwa polista ingejinyoosha karibu yote, na hapo mteja ashajua kama pasi itamhusu.

Saizi. Jamani, "fri saizi" si kipimo! Tandaza dera sakafuni, weka futi ya fundi usawa wa kifua, kutoka mshono wa ubavu huu hadi ule, namba zisomeke. Hili ni inchi 27, mara mbili 54, na hiyo ni nguo, si kifua cha mtu, kitambaa chenyewe hakivutiki, kwa hivyo mwenye kifua cha 48 litampwaya vizuri, mwenye 54 litambana hata kuinua mkono ni shida. Urefu toka begani hadi pindo 57. Ukilivaa sema na urefu wako wewe, na zile pini za mgongoni zitoe, twazijua.

Bei, haraka haraka maana mwenyekiti ashaanza kunitolea macho. 1,200, iandike toka sekunde ya kwanza, delivari ya Likoni na ya Mtwapa useme ni kando. Hizi "bei inboksi" zenu mtu afikiria wampima uso kwanza. Maandishi yasikae chini kabisa ya skrini, kule maelezo ya apu huyafunika, mtu akaona 1,2 tu.

Mambo ya sauti nilikuwa niyaguse, basi tena. Maswali? Dada wa mtandio wa kijani, anza wewe.