Picha Tatu za Meza Moja: Iliyopendeza Ndiyo Iliyoshindwa

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tuna picha tatu za kona moja ya kusomea. Meza ni ileile, dirisha ni lilelile. Msikilizaji wetu, mwanafunzi, ameigeuza meza, akapiga picha kila alipoigeuza, sasa anauliza aiache wapi. Bakari, ulipoziona ulichagua ipi?

BAKARI: Ya pili, tena bila kusita. Pale anayekaa analipa dirisha mgongo. Picha imejaa mwanga, daftari linang'aa, hata ukuta unaonekana msafi. Ya kwanza meza imeelekea dirishani, lakini yenyewe iko gizani kabisa. Ya tatu dirisha liko kushoto. Mwanga si mbaya, ila pamejaa makorokoro.

ZUHURA: Basi simu imekuchezea, ndugu yangu. Tuanze na hiyo ya giza. Dirisha limo ndani ya picha, sivyo? Kamera ya simu hujipimia yenyewe mwanga wa kuingiza. Ikikutana na dirisha linalowaka inapunguza, na vyote vilivyo mbele ya dirisha vinageuka vyeusi. Lakini daftari lililokaa chini ya dirisha lile huenda linapata mwanga kuliko kwenye picha zote.

BAKARI: Kumbe giza ni la picha, meza haina kosa.

ZUHURA: Ina kosa lake, ila si giza. Ukisomea kwenye skrini na nyuma ya skrini kuna dirisha linalowaka, jicho linabaki likihangaika kati ya mwanga mkali na mwanga hafifu. Picha haiwezi kukuambia hilo linakuumiza kiasi gani, kwa sababu jicho hujizoesha mwanga na kamera ina namna yake. Kaa kitini, tazama skrini, halafu inua kiganja ulizibe dirisha, kama mtu anayejikinga jua. Macho yakipata nafuu papo hapo, dirisha ndilo lililokuwa likiyachosha. Jaribu pazia jepesi kabla hujahamisha meza.

BAKARI: Sawa. Sasa nitetee chaguo langu. Ile ya pili ina ubaya gani?

ZUHURA: Tazama imepigwa kutoka wapi. Unaona vitufe vyote vya kompyuta kwa juu, na kiti ni kitupu.

BAKARI: Alikuwa amesimama. Ehee! Na nani anasoma amesimama?

ZUHURA: Ndiyo hiyo. Kiti kikiwa kitupu hakuna mwili wa kuziba mwanga. Akikaa, mabega yake yanatupa kivuli juu ya daftari. Halafu kuna skrini. Mwanga ukigonga kioo huondoka kwa pembe ileile uliyojia. Simu iliyo juu, ikiinamia skrini, inaona kwenye kioo kile kilicho chini: kiti, na ukuta ulio chini ya dirisha. Jicho la aliyekaa linakutana na kitu kingine.

BAKARI: Linakutana na dirisha lenyewe.

ZUHURA: Tulimwomba arudie. Akae, aizime skrini, asogeze simu hadi usawa wa macho yake, apige. Skrini iliyozimwa ni kioo cheusi, haifichi kitu. Picha ikaja. Dirisha zima limo mle ndani, nondo unaweza kuzihesabu, na kichwa chake kimeziba kipande cha katikati tu. Ukiiwasha skrini na kuweka ukurasa mweupe, doa lile linafifia, ndiyo maana watu hawalioni kwenye picha za kawaida. Ukifungua kitu chenye rangi nyeusi, linarudi.

BAKARI: Basi nimesalimu amri. Lakini ya tatu ile, dada, vitu vimejazana! Kikombe, chaja, rundo la vitabu, picha ya fremu...

ZUHURA: Ulinganisho wenyewe haukuwa wa haki. Ya pili aliipiga baada ya kufagia meza, ya tatu aliipiga katikati ya kazi. Ukilinganisha hivyo unapima usafi wa siku ile, hupimi mpangilio. Ama vitu vyote viwepo katika picha zote, ama vyote vitoke.

BAKARI: Nami nikiri, meza tupu hunitia wasiwasi. Nahisi mwenyewe kahama.

ZUHURA: (anacheka) Usiviondoe vyote. Vya kutazama ni vile virefu na vile vinavyometa. Chaja iliyolala haimsumbui mtu. Lakini lile rundo la vitabu liko kushoto, kati ya dirisha na daftari. Limesimama kama ukuta mdogo. Na fremu ile ina kioo, inaurusha mwanga wa dirisha moja kwa moja usoni.

BAKARI: Mtu atajuaje kama rundo ndilo linalomzibia mwanga, si mkono wake?

ZUHURA: Simamisha kalamu wima juu ya ukurasa, pale unapoandikia, upige picha kwa karibu. Kivuli kinaelekea upande ulio kinyume na mwanga. Huyu anaandika kwa mkono wa kulia na dirisha liko kushoto, kwa hiyo kivuli kiende kulia, kiondoke kwenye ncha ya kalamu. Anayeandika kwa kushoto ageuze mambo, dirisha liwe kulia. Katika picha yake, kalamu haikuwa na kivuli cha kueleweka, ukurasa wote ulikuwa umefifia. Maana yake mwanga wa dirisha haufiki pale. Akahamishia vitabu kulia, kivuli kikatokea, kimenyooka vizuri.

BAKARI: Na doa la mwanga likikaa kwenye karatasi ya kumeta, kama kurasa za baadhi ya vitabu vya picha?

ZUHURA: Laza kioo kidogo juu ya doa, ukiwa umekaa. Kitakachoonekana kwenye kioo ndicho kinacholeta doa. Usiku mara nyingi ni taa ya mezani iliyowekwa mbele yako. Isogeze pembeni, upande uleule wa dirisha, na uinamishe kofia yake hadi usiione balbu ukiwa umekaa.

BAKARI: Sasa akitaka kuzipiga upya kwa haki, afanyeje?

ZUHURA: Kwanza lenzi. Atumie ile ya kawaida, 1x. Ile ya 0.5x inapanua kona, vitu vinaonekana vimeachana, na meza iliyosongamana inapita kama meza yenye nafasi. Pili, alaze karatasi nyeupe mezani, aiguse kwenye skrini ya simu na kushikilia kidole mpaka mwanga ujifunge. Kwenye baadhi ya simu utaona AE/AF LOCK. Ila akifanya hivyo kila picha, simu itaifanya karatasi iwe na weupe uleule kila mara, na tofauti ya mwanga itapotea.

BAKARI: Kwa hiyo anaifunga mara moja tu?

ZUHURA: Mara moja, kwenye mpangilio wa kwanza, asiifungue hadi amalize. Kufuli likiachia meza inapohamishwa, arudi kwenye kamera ya kuweka kwa mkono, kama simu anayo, aandike namba mbili: muda wa kuingiza mwanga, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Zibaki zilezile. Dirisha likigeuka doa jeupe lisilo na umbo, aliache. Anachopima ni karatasi.

BAKARI: Na wingu likipita katikati ya kazi?

ZUHURA: Asubiri lipite. Kisha arudie seti nzima saa nyingine, hasa kama dirisha linatazama mashariki au magharibi, kwa sababu jua likiwa chini linaingia hadi ndani ya chumba. Kwa picha alizotuma mimi ningeiacha meza kama ilivyo ya tatu, vitabu kulia, na fremu ningeiondoa.

BAKARI: Kikombe je?

ZUHURA: Kikombe kibaki. Ila mbali na kompyuta.