Inveta ndogo kwenye saluni ya kiume: maswali ya draya, mashine na betri

Karibu tena. Leo tuko kwenye saluni ya kiume hapa Mbagala, na mwenyewe ameniruhusu nivute vitu vyote mezani ili uvione. Ana inveta ya wati 1000, betri moja ya asidi ya volti 12 iliyoandikwa 100Ah, mashine mbili za waya, taa tatu, feni ya kusimama na draya ya mkono. Swali lake ndilo ninaloulizwa na vinyozi wengi: umeme ukikatika kila kitu kinakwenda vizuri, mbona nikiwasha draya inveta inapiga kelele na kuzima?

Geuza draya yako usome kibandiko chake. Hii imeandikwa wati 1200. Inveta ni ya wati 1000, kwa hiyo inajilinda kwa kuzima. Haijaharibika.

Sasa utauliza: basi nikinunua inveta ya wati 2000 si tatizo litakwisha? Inveta itakubali, betri itakataa. Chukua daftari tupige hesabu pamoja. Volti 12 mara 100 ni wati-saa 1200. Betri ya asidi ukiizoesha kuikausha yote inakufa mapema, kwa hiyo tumia nusu, yaani 600. Inveta yenyewe nayo inakula kidogo, hivyo zinazokufikia ni kama 500.

Tazama matumizi ya kawaida. Feni wati 50. Taa tatu za LED za wati 9 ni 27. Mashine mbili za wati 12 ni 24. Jumla haizidi wati 101, kwa hiyo 500 zile zinakupa karibu saa tano za kazi. Sasa weka draya. Dakika tano tu za wati 1200 ni wati-saa 100. Maana yake ukimkausha mteja mmoja kwa dakika tano, umekula saa nzima ya kunyoa, mwanga na upepo. Na hapo bado betri inavutwa zaidi ya ampia 100 kwa mara moja, volti zinaporomoka, na inveta inaweza kulia hata kama betri ilikuwa imejaa asubuhi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: draya isiguse inveta. Itumie umeme ukiwepo, au iendeshe kwa jenereta ndogo inayobeba wati zake. Umeme usipokuwepo, taulo kavu na feni vinamtosha mteja wa nywele fupi.

Nina kitufe cha hewa baridi kwenye draya, je? Kwenye draya nyingine kitufe hicho kinaacha feni tu, kwenye nyingine koili bado inapasha kiasi. Kama una kipimo cha wati cha kuchomeka kwenye soketi, ipime kwanza ikiwa kwenye umeme wa kawaida. Halafu usidanganyike na ile namba 1 ya moto mdogo. Draya nyingi zinapunguza moto kwa kukata nusu ya wimbi la umeme kwa diodi, na inveta ndogo haipendi kabisa mzigo wa namna hiyo.

Tuje kwenye mashine. Mbona kwenye inveta mashine yangu inanguruma na kupata moto? Sikiliza, naiwasha kwenye umeme wa kawaida... sasa naihamishia kwenye inveta. Umesikia sauti ilivyobadilika? Mashine ya waya ya aina hii haina mota ya kuzunguka, ina sumaku inayotikisa wembe kwa kufuata mapigo ya umeme. Inveta za bei rahisi zinatoa wimbi lenye ngazi badala ya wimbi laini, na sumaku inalalamika. Ukinunua inveta, tafuta iliyoandikwa "pure sine wave", na uhakikishe imewekwa kwenye 50 Hz. Ikiwa kwenye 60 Hz mashine inaweza kugonga kwa sauti hata kama inveta ni nzuri.

Kama unayo ile ya ngazi tayari, chukua bisibisi, tafuta skrubu ndogo ubavuni mwa mashine, na uizungushe taratibu mashine ikiwa inatembea mpaka igonge, kisha irudishe mpaka kugonga kukome. Tia mafuta wembe. Ikipata moto usioweza kuushika, ipumzishe. Feni nayo ikinguruma kwenye inveta hiyo, sababu ni hiyohiyo. Ya volti 12 inayochukua umeme moja kwa moja kwenye betri ingekuletea amani, na inakula wati chache kuliko hii ya kusimama.

Mashine za kuchaji je? Zinakula kidogo, lakini chaja zake ndogo za bei rahisi zinaweza kuungua kwenye wimbi la ngazi. Gusa chaja baada ya dakika kumi. Ikiwa ya moto sana, chaji umeme ukiwepo.

Swali linalofuata linawapotezea watu betri: nitajuaje nimefika nusu? Wengi wanasubiri inveta ilie. Nyingi zinalia zikikaribia volti 10.5, na hapo umeshapita nusu zamani. Weka mita kwenye vichwa vya betri wakati feni na taa zinafanya kazi. Kwa mzigo mdogo kama huu, ukiona karibu 12.0, acha feni kwanza, maliza kichwa ulichonacho, kisha zima. Betri ikipumzika bila mzigo, 12.7 ni imejaa na 12.2 ni karibu nusu.

Na kama inalia wakati betri imejaa na draya haipo? Hapa ndipo ninapotaka usogee karibu na kamera. Napima kwenye vichwa vya betri: 12.5. Nahamishia vishikio vya mita kwenye skrubu za inveta, vitu vikiwa vimewashwa: 10.7. Volti 1.8 zimepotea njiani. Gusa klipu hii, ina joto, na pale chini kuna unga mweupe. Ninazima inveta, natoa klipu, nasugua risasi kwa brashi ya waya, nafunga kishikio cha nati badala ya klipu, kisha nafupisha waya. Napima tena kwa mzigo uleule: 12.3 kwenye inveta. Kelele imekwisha. Tofauti ikizidi nusu volti, shughulikia waya kabla hujanunua betri nyingine. Weka na fyuzi karibu na kichwa cha chanya, ili waya ukigusana usiwake moto.

La mwisho: nichomeke inveta kwenye soketi ya ukutani ili saluni yote iwake? Hapana, kamwe. Umeme ukirudi utagongana na wa inveta na kuiunguza, na kabla haujarudi utapanda hadi kwenye nguzo umuue fundi anayetengeneza laini. Chomeka vifaa kwenye ekstensheni ya inveta peke yake, iandike jina, na draya isiwe na tundu pale. Ukitaka taa za ukutani ziwake, fundi aliyesajiliwa akufungie swichi ya kubadilishia inayokata upande mmoja kabla ya kuunga mwingine. Betri yenyewe iweke sehemu yenye hewa, mbali na spiriti yako na kiberiti.